Barua ya mapendekezo na mchanga kwenye dagaa

Kigoma, Jumamosi usiku

Barua nyingi za mapendekezo zinazoandikwa na walimu wa huku zimezaliwa na cheti cha kumaliza shule. Kwenye cheti kile kuna mstari wa tabia, nasi tumezoea kuujaza: mtiifu, mwenye bidii, anashirikiana na wenzake. Mwanafunzi akiomba barua ya kupeleka ng'ambo, mstari ule unavutwa mpaka ujaze ukurasa. Kiingereza kinaweza kuwa safi kabisa na barua isimsaidie mtu.

Iliyoko mezani leo ni ya binti aliyesoma PCB na kumaliza kidato cha sita mwaka juzi. Anaomba ufadhili wa kusomea sayansi ya chakula. Jopo litakaloisoma halijui shule yetu, halijui PCB ni nini, na linasoma mamia ya barua zinazosema mwombaji ana bidii. Utiifu ndio kwanza unawatatiza, maana wao wanatafuta mtu atakayeweza kumbishia profesa kwa hoja.

Sehemu yenye thamani katika barua yake inatoka Kibirizi, kwenye dagaa. Darasa lilipewa mradi wa kulinganisha ukaushaji wa mchangani na wa kwenye vichanja. Kila kikundi kilipima uzito wa sampuli zake asubuhi na jioni, kikitarajia uzito ushuke kadiri maji yanavyotoka. Sampuli za mchangani zilishuka, kisha zikakwama juu kuliko za kichanjani. Vikundi vingine viliandika kwamba mchangani dagaa hukauka polepole, vikafunga daftari. Yeye aliwakung'uta dagaa wake juu ya karatasi nyeupe, akaupima mchanga uliodondoka, akautoa kwenye hesabu. Akaongeza sentensi moja ambayo hakuna aliyemwagiza: mchanga mwingine umegandia kwenye ngozi na haukung'utiki, kwa hiyo hata namba iliyosahihishwa bado ni kubwa kuliko ukweli.

Tukio hilo linatosha aya nzima, na nimeliandika kwa mpangilio ule ule: kazi ilikuwa nini, wengine walifanya nini, yeye alifanya nini, mimi nilionaje. Neno "mdadisi" halimo. Msomaji atalisema mwenyewe akifika mwisho wa aya, na neno analolisema mwenyewe ana sababu ya kuliamini. Nimelazimika tu kueleza kwamba dagaa ni samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa Ziwa Tanganyika na kuuzwa wakavu. Sentensi moja imetosha.

Aya inayofuata ni ya matokeo, nayo ina mtego. Alama zake zote jopo litaziona kwenye cheti cha NECTA, kwa hiyo kuzirudia ni kupoteza nafasi. Kinachohitajika ni ufunguo wa kuzisomea. Ana A ya Biolojia, B ya Kemia na C ya Fizikia. Kwetu A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, jumla pointi 6, na divisheni ya kwanza ya kidato cha sita ni kuanzia pointi 3 hadi 9. Mgeni akiona 6 bila maelezo hajui kama namba ndogo ni nzuri au mbaya, na katika nchi nyingi anazozijua kubwa ndiyo bora. Halafu kuna ile C. Kidato cha sita C ni alama 60 hadi 69, lakini kidato cha nne C inaanzia 45. Herufi ni moja, vipimo ni viwili, na vyeti vyote viwili viko mbele yake. Sentensi mbili za ufafanuzi zinamwokoa binti asihukumiwe kwa kipimo cha kwingine.

Kisha nafasi yake darasani, maana fomu za mapendekezo karibu zote zinauliza mwombaji yuko wapi ukimlinganisha na wenzake. Wa pili kati ya 58 waliosoma mchepuo huo, ndivyo nilivyoandika, na nikaongeza kwamba hao 58 walitumia darubini 4. Idadi ya darubini sikuiweka ili aonewe huruma. Inaeleza kwa nini ujuzi wake wa maabara ni mdogo kuliko uelewa wake wa nadharia. Hali ya nyumbani kwao sikuigusa. Hiyo ataieleza mwenyewe kwenye insha yake akitaka, nami sikuishuhudia.

Kwenye fomu kuna visanduku vya kupima uandishi, uongozi, ustahimilivu na vinginevyo, na kishawishi ni kuweka tiki ya juu kabisa kila mahali. Jopo likiona safu nzima imenyooka linaacha kuisoma. Nimempa daraja la juu kwenye fikra za kisayansi, chini kidogo kwenye uandishi wa Kiingereza, na penye uongozi nimechagua jibu la kutokuwa na msingi wa kupima. Hakuwahi kuwa kiongozi nikiwapo. Barua na visanduku lazima viseme jambo moja.

Wapo wanaomwambia mwanafunzi aandike barua mwenyewe, wao watie sahihi. Uchovu naujua, madaftari ya kusahihisha nayajua, lakini barua ya namna hiyo hujulikana. Misemo ya insha yake inajitokeza tena kwenye barua, na tukio lililosimuliwa ni lile ambalo mwalimu asingeweza kulishuhudia. Bora aombwe atume insha yake, cheti, na mistari michache ya kazi anazozikumbuka za darasani, kisha mwalimu achague aliyoyaona kwa macho yake.

Kosa linalotupata zaidi sisi Waswahili ni la jinsia. "Yeye" wetu habagui, Kiingereza kinabagua, na binti anageuka mvulana katikati ya aya. Msomaji wa mbali hatafikiri ni lugha. Atafikiri barua imenakiliwa kutoka kwa mwanafunzi mwingine. Nasoma mara moja nzima kwa ajili ya hilo tu. Majina nayo: mpangilio uwe ule wa pasipoti yake, hata kama shuleni tulimwita kwa jina la babu.

Ukurasa mmoja na robo, karatasi yenye kichwa cha barua cha shule, tarehe, cheo, masomo na vidato nilivyomfundisha. Sahihi ikae mbali na mhuri, maana ukipiga mhuri juu ya sahihi, skana ya simu inatoa doa la bluu. Faili iwe PDF.

Kiungo cha kuwasilisha huja kwa barua pepe kutoka kwenye mfumo wao, na mara nyingi hujificha kwenye Spam. Mwisho ni 23:59 UTC, yaani kwetu saa nane na dakika 59 usiku wa kuamkia siku inayofuata, lakini umeme wa huku haujui UTC, kwa hiyo naituma kesho asubuhi. Ukishabofya Submit, ukurasa wa uthibitisho huonekana. Usipoonekana, usipakie tena kwa kubahatisha. Mwombaji afungue akaunti yake, maana upande wake ndiko kunakoandikwa kama barua imepokelewa.