Sura yangu kwenye mwili wa mtu mwingine: nilivyopambana na fomu ya ridhaa

Mimi ni modo wa kulipwa, na siku moja rafiki akanitumia skrinishoti akaniuliza, hivi wewe uliwahi kutangaza mafuta ya ngozi? Nikacheki, sura ni yangu kabisa ila shingo, mikono na mabega sio yangu. Nilihisi vibaya sana jamani, kwanza sijawahi kushika hiyo chupa.

Kabla sijapigia mtu simu nilihifadhi ushahidi, ukurasa mzima na linki yake na tarehe, maana tangazo la mtandaoni linaweza kufutwa dakika tano baada ya kulalamika. Halafu nikafungua picha za kazi niliyofanya mwaka uliopita, nguo za katalogi, nikatafuta sura ilitoka picha gani. Nikaipata kwa vitu viwili: unywele mmoja uliopita juu ya nyusi ya kushoto, na vile vidoti vya taa ndani ya macho, vyote viko palepale. Taa kwenye uso inatokea kushoto huku kwenye mabega inatokea kulia. Hapo hakuna wa kukubishia.

Sasa fomu niliyosaini na kampuni ya ile kazi ya katalogi. Ilisema wanaweza "kuhariri, kubadilisha na kuunganisha picha" na hapo moyo ukashuka kweli, maana hilo neno kuunganisha mtu anaweza kuling'ang'ania akasema hata kuhamisha uso kumo. Lakini nikasoma tena taratibu nikaona fomu inataja matumizi ni katalogi ya mavazi, muda miezi 12 tangu picha itoke, na tangazo lilikuwa la mwezi wa 15 tangu picha itoke na la bidhaa nyingine kabisa. Kwa hiyo sikubishana nao kuhusu kuunganisha, nikaandika emeili fupi yenye mambo mawili tu, muda umeisha na bidhaa haimo, nikaambatanisha picha mbili kando kwa kando. Baada ya siku nne wakaliondoa tangazo wakanilipa kwa muda liliokaa hewani. Kama fomu ingeandikwa "matumizi yoyote, milele", ningekuwa na kazi ngumu sana aisee.

Waliponirudia wakitaka safari hii kutumia sura yangu kwa makubaliano, kwenye miili ya mamodo watatu tofauti, nikakataa fomu ya zamani nikaomba nyongeza ya ukurasa mmoja inayohusu kuhamisha sura tu. Kule New York kuna sheria ya wafanyakazi wa mitindo, imeanza kutumika Juni 2025, inataka ridhaa ya nakala ya kidijitali ya modo itolewe kwa maandishi peke yake na itaje upeo, lengo, malipo na muda. Mimi sifanyi kazi huko ila huo mpangilio ni mzuri nikaufuata.

Kwenye upeo tuliandika majina ya faili zenyewe, picha nne, sio "picha za modo". Malipo yakawa kwa kila picha inayotoka, sio kwa siku ya kupiga, kwa sababu siku moja ya kupiga inaweza kuzaa matangazo mia na wewe umelipwa siku moja. Halafu naona kila picha kabla haijatoka, siku tatu za kazi, na nikikaa kimya maana yake sijakubali. Hicho kipengele walikipinga mpaka mwisho, ila ndicho kilichoniokoa, maana picha ya pili waliyoleta ilikuwa sura yangu kwenye mwili wa nguo za ndani, kitu ambacho sifanyi, nikakataa na ikaisha hapo.

Mwisho wa muda wanafuta faili za sura yangu pamoja na faili lolote la AI lililofunzwa kwa sura hiyo, wananiandikia kuthibitisha. Hapa niwe mkweli, kama kweli wamefuta huwezi kukagua kutoka nje, unabaki na barua yao tu, na mabango yaliyokwisha chapwa hayarudi, kwa hiyo tulikubaliana yaliyo kwenye kurasa zao na matangazo wanayoyalipia yaondolewe ndani ya siku 14 na mabango mapya yasichapwe.

Kitu nilichokuwa sijakifikiria kabisa ni wale wenye miili. Mmoja ana tatuu kwenye mkono, ndugu zake walimtambua kwa hiyo tatuu tangu tangazo la kwanza, lile la mafuta, wakamuuliza mbona sura sio yako, na yeye hakuwa ameambiwa chochote kwamba kichwa chake kitaondolewa. Nikawaambia sitasaini mpaka na yeye apewe ukurasa wake. Wakazungusha wiki nzima, ila wakaandika, kwake wakaongeza kwamba tatuu ifutwe kwenye picha na sura ya mtu mwingine isiwekwe kwenye mwili wake bila kuonyeshwa kwanza. Tulisaini siku moja, karatasi mbili.