Elfu sitini na mitumba ya watoto

Nilianza na shilingi 60,000, na nauli ya Mbagala hadi soko la mitumba la Karume, Dar es Salaam, ilitoka humo humo. Mara ya kwanza nilinunua magauni 20 ya wanawake watu wazima kwa 2,500 kila moja, kwa kuwa yalikuwa mazuri machoni na bei yake ilikuwa rahisi. Nauli, sabuni na vocha vilikula 5,000, kwa hiyo kila gauni lilinifikia kwa 2,750. Nikaliuza kwa 5,000.

Magauni 12 yaliondoka ndani ya wiki mbili, kisha biashara ikasimama. Nane yaliyobaki mara yambane mteja, mara yampwaye. Niliyatoa kwa 2,000, na wiki ya tano ndipo yakaisha. Faida ilikuwa 21,000, lakini muda wote huo mtaji ulikuwa umelala kwenye kamba ya nguo.

Wakati huo nilikuwa naandika daftarini kila kitu nilichoulizwa na sikuwa nacho. Suruali za jinzi za watoto wa miaka 4 hadi 7 zilijirudia karibu kila siku. Nikaelewa sababu: gauni la mtu mzima lazima limkae yule yule aliyelipenda, ila mama humnunulia mtoto suruali iliyomzidi kidogo ili akue nayo. Suruali moja ina wanunuzi wengi.

Kupata muuzaji ndiko kulikonichosha. Mmoja aliniuzia fungu la suruali kumi lililofungwa tayari. Za juu zilikuwa safi, nilipofungua nyumbani nikakuta nne zimechanika magotini. Tangu hapo sinunui kilichofungwa. Nafika alfajiri, balo likikatwa, naipeleka nguo kwenye mwanga, nafunga na kufungua zipu, navuta mpira wa kiuno, naangalia gotini na kwenye msamba. Mama ninayemchukulia sasa nilimjaribu kwa manunuzi madogo matatu. Mara ya pili nilimrudishia suruali yenye zipu mbovu, akasema, "Chagua nyingine, mwanangu, ila hiyo ungeiona hapa hapa." Hapo nikatulia kwake.

Kuchagua wa kwanza kuna bei yake: 3,500 kwa suruali. Ukisubiri mchana bei inashuka, lakini unakuta wenzako wameshachambua. Nilichukua 14 tu, 49,000, na gharama 5,000, jumla 54,000. Nikaziuza 7,000 kila moja. Kabla ya kulipa nilijiuliza zikiuzwa ngapi fedha yangu inarudi. Jibu lilikuwa nane. Kwa magauni, ilinibidi niuze 11.

Ndani ya siku tisa nilikuwa nimeuza 13, nikapata 91,000. Ukitoa gharama, ilibaki faida ya 37,000 na suruali moja kambani. Siku ya kumi, alfajiri, nilikuwa Karume tena. Safari hii nilichukua 18, zote za watoto, na 10,000 nikaiacha nyumbani.