Shimo la Gego

Gego langu la chini, upande wa kulia, lilianza kucheza nikila muhogo wa kuchoma pale Mama Ngina, Mombasa, mwaka 2014. Nililisukuma kwa ulimi, likasogea. Halikuniuma hata kidogo. Nilikuwa na miaka 44, navuta sigara 15 kwa siku tangu ujana, na sijawahi kuona damu kwenye mswaki. Kwa hiyo nilijihesabu mtu mwenye fizi nzima.

Daktari wa meno, dada mmoja mpole, alichukua kichuma chembamba chenye alama akakiteremsha taratibu kati ya jino na ufizi. Akaniambia ufizi mzima hukiruhusu kuingia milimita 3 hivi, si zaidi. Kwangu kilizama milimita 8. Picha ya eksirei ikaonyesha mfupa uliolishika lile gego umeliwa karibu mpaka mwisho wa mizizi.

"Lakini mbona sitoki damu, daktari?"

"Hapo ndipo sigara ilipokuficha, baba. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Ufizi unaoza kwa ndani, na kwa nje hauvimbi sana wala hautoki damu. Asiyevuta angeona damu mapema, akaja."

Maneno yale yaliniuma kuliko sindano ya ganzi. Miaka yote nilikuwa nikiutazama weusi wa nyuma ya meno ya mbele na kuusingizia kahawa chungu. Kumbe ulikuwa ukoga uliokauka ukawa kama jiwe na kunywa moshi. Tena ukoga wenyewe ulikuwa umeshuka chini ya ufizi, mahali mswaki haufiki.

Gego lilitoka bila hata kupigana. Akaniwekea shashi niing'ate kwa nusu saa na zaidi, kisha akanipa masharti, akiyarudia mara mbili. Nisiteme mate kwa nguvu. Nisinywe kitu kwa mrija. Nisisukutue mpaka kesho yake, na hapo iwe kwa maji ya chumvi, polepole. Na sigara, nisiiguse kwa siku 3 kwa uchache. "Damu itakayoganda humo shimoni ndiyo kifuniko cha mfupa," alisema. "Ikitoka, mfupa unabaki uchi."

Nilistahimili siku ile. Ya pili, baada ya isha, tulikaa barazani Mji wa Kale kama kawaida, muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe, mwenzangu akawasha. Nikavuta moja. Niliibana upande wa kushoto, nikijiambia moshi haufiki kuliani. Asubuhi yake nikavuta tatu.

Usiku wa siku ya tatu nikaamshwa na maumivu ambayo sikuyajua. Yalianzia tayani yakapanda mpaka sikioni na kwenye kipaji, yakipiga kama mtu anayetwanga. Vidonge havikuyashika. Mdomoni nilikuwa na ladha mbaya, na mke wangu alipoinama kunitazama niliona akigeuza uso. Akanimulikia kwa tochi ya simu, mimi nikashika kioo. Bonge jeusi la damu nililoliona siku ya kwanza halikuwepo. Lilibaki shimo tupu, na chini yake kitu cheupe kama kijivu. Mfupa wangu mwenyewe.

Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ngapi?" Nikamwambia kweli. Akasema hawezi kujua ni kule kufyonza kulikoling'oa lile bonge au ni nikotini iliyolikosesha jeraha damu. Huenda yote mawili. Nikaomba dawa za kuua viini, akakataa: hakuna homa wala usaha, na dawa hizo hazifuniki mfupa. Akaosha shimo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akalijaza utepe wa dawa uliolowa mafuta ya karafuu. Chumba kizima kikanukia pilau. Haikupita nusu saa, maumivu yakateremka, nami machozi yakanitoka pale pale kitini.

Nilirudi mara tatu, kila baada ya siku mbili, abadilishe dawa. Nyama ya kulifunika shimo ilichukua majuma mengi. Sikuvuta tena tangu usiku ule.

Juma la tano bila sigara nikatema povu la mswaki kwenye sinki, likawa jekundu. Niliogopa sana, nikaenda siku hiyo hiyo. Daktari akapitisha kichuma chake jino kwa jino, na kila alipogusa palichirizika.

"Mishipa imefunguka," akasema. "Ugonjwa ulikuwamo, sasa ufizi unaweza kuuonyesha. Mfupa uliokwenda haurudi, lakini haya mengine tunaweza kuyashika."

Akapanga tusafishe chini ya fizi robo moja ya mdomo kila safari. Tukaanza upande wa kulia, kwa jino jirani wa lile shimo; kipimo cha jino hilo kilikuwa milimita 6.