Bibi alitoka, mchanga ukabaki: nilivyojifunza kukata video kuanzia mwisho

Fundi mwenzangu mmoja wa kuhariri video hapa Kirumba, Mwanza, alinishauri hivi: "Mteja mtupie video wasap, atakuambia anachotaka." Nikamsikiliza, kwa kuwa ana miaka mingi kwenye kazi hii. Sitarudia.

Kazi yenyewe ilikuwa video ya dakika 6 na sekunde 40 ya kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa huko Igombe. Mwenyekiti akanijibu wasap: "Kile cha 2.5 kitoe." Sasa hiyo ni 2:05, 2:30 au 2:50? Nikakisia, nikakosea. Katibu naye akasema kwenye 1:12 sauti haisikiki. Nikairudia 1:12 mara tano na hedifoni masikioni, sauti safi kabisa! Kumbe simu yake inaonyesha muda uliobaki, wala siyo uliopita. Alimaanisha 5:28, ambako upepo wa ziwani ulikuwa umemmeza msemaji.

Hapo nikahamia Frame.io, tovuti ya kukagulia video. Kifurushi cha bure kina GB 2, kwangu zinatosha kwa sababu toleo la kukaguliwa nalitoa 720p, kama megabiti 2 kwa sekunde. Video nzima inakuwa MB 100 hivi, nayo bando ya elfu chache inaipandisha. Mteja anafungua linki, anaandika jina lake, anasimamisha video pale penye kero na kuandika. Muda unajiandika wenyewe kwenye fremu ileile. Mama mwenyekiti, ambaye ana zaidi ya miaka sitini, aliniachia maoni tisa siku ya kwanza.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe aibu kubwa ilikuwa bado.

Maoni matatu kati ya hayo tisa yalikuwa hivi. Kwenye 0:22, mtumbwi unakawia, punguza. Kwenye 2:05, jina limekosewa herufi. Kwenye 3:48, toa dagaa walioanikwa mchangani, kwa sababu siku hizi kikundi kinaanika kwenye chanja tu na mnunuzi asione mchanga. Nikaanza kwa utaratibu wa shuleni, namba moja kwanza. Nikakata sekunde 11 za mtumbwi na kuziba pengo. Nikatafuta jina, kwa kuwa linasomeka nikalipata na kulirekebisha. Nikaenda 3:48, nikakata klipu niliyoikuta bila kuitazama vizuri, maana ilikuwa usiku na nilikuwa na harusi ya kuhariri kesho yake.

Asubuhi simu ikalia. "Mwanangu, Bibi umemtoa, mchanga umeuacha?"

Nilipokata zile sekunde 11 mwanzoni, kila kilichofuata kilisogea kuelekea mwanzo. Mchanga sasa ulikuwa kwenye 3:37, na kwenye 3:48 alikaa bibi mmoja mwenye kicheko, kipenzi cha kikundi kizima. Maoni yalikuwa sahihi kwa toleo la kwanza. Mimi nilikuwa nayasoma juu ya taimlaini iliyokwisha badilika.

Tangu siku hiyo naanzia mwisho. Maoni ya 5:28 kwanza, kisha 3:48, kisha 2:05, mtumbwi mwisho kabisa. Ukikata mwishoni, mwanzoni hakusogei, kwa hiyo kila muda ulioandikwa unabaki kweli mpaka uufikie. Muziki tu ndio nauacha kando, naupanga upya mikato yote ikishaisha, la sivyo unarukaruka. Na kabla ya kugusa chochote nanakili taimlaini, ile ya zamani nabaki nayo ya kulinganishia. Mnaotumia DaVinci Resolve, kumbukeni taimlaini yake kwa kawaida huanza 01:00:00:00, hivyo 3:48 ya mteja mtaikuta 01:03:48:00.

Toleo jipya naliburuta juu ya lile la zamani kule Frame.io, yanakaa kwenye rundo moja na maoni ya v01, yaani toleo la kwanza, yanabaki kwa v01. Hata hivyo mweka hazina, anayeishi Dar, alikuwa ameshapakua v01 kwenye simu yake. Wenzake wako v03, yeye ananitumia wasap kwamba jina limekosewa herufi. Tulibishana siku mbili! Ndiyo maana sasa upakuaji naufunga, na kwenye kila toleo la kukaguliwa nachapa namba yake na muda pembeni mwa picha kwa Data Burn-In ya Resolve. Mtu akinitumia picha ya kioo cha simu yake, naona yuko toleo gani na sekunde gani kabla hajamaliza kulalamika. Siku ya kutoa nakala ya mwisho naizima, maana mara moja nilisahau na mteja akaniuliza zile namba zinahesabu nini.

Mweka hazina nikamtumia linki ya v04. Akaifungua, akaiangalia yote, akaacha maoni mamoja, kwenye 0:22: "Mtumbwi umeenda wapi?"