Ripoti moja, mionekano miwili: nilivyopanga mitindo ya Word

Ripoti niliyokabidhiwa ilikuwa na kurasa zaidi ya 150 na ilikuwa imeandikwa na watu kadhaa. Wahakiki walitaka kuisoma kwenye karatasi ikiwa na herufi za pointi 12 na nafasi mbili kati ya mistari, ili wapate pa kuandika maoni. Wachapaji walitaka fonti nyingine, pointi 11, mistari iliyokaribiana, na kila sura ianze ukurasa mpya. Maandishi yenyewe yalikuwa bado yanarekebishwa, kwa hiyo ripoti ingekwenda kwa wahakiki, ikatengenezwa kwa ajili ya uchapaji, kisha pengine ikarudi tena kwa wahakiki. Kuweka faili mbili sikukutaka kabisa, kwa sababu sahihisho likiingia kwenye moja husahaulika kwenye nyingine. Nikaamua faili ibaki moja, na mwonekano wake ukae kwenye mitindo, yaani uumbizaji uliohifadhiwa kwa jina na kuvishwa aya.

Nilianza kwa kuichunguza. Nilibonyeza Ctrl+Shift+8 ili alama zilizofichika zionekane, kisha Alt+Ctrl+Shift+S kufungua kidirisha cha Styles. Kila nilipobofya, jina lililowaka lilikuwa Normal: kwenye aya za kawaida, kwenye vichwa, hata ndani ya majedwali. Kichwa cha sura kilikuwa aya ya Normal iliyokolezwa, ikakuzwa hadi pointi 14 na kuwekwa katikati kwa mkono. Nafasi kati ya aya ilikuwa aya tupu. Macho yanaona kichwa, lakini Word haijui kwamba pale pana kichwa, kwa hiyo huwezi kuiambia ibadilishe vichwa vyote.

Kabla ya kugusa maandishi nilipanga mitindo yenyewe, na hapo ndipo nilipotumia muda mwingi. Kila mtindo wa aya una sehemu iitwayo Style based on, yaani mtindo mzazi. Mtoto hurithi kila kitu kwa mzazi wake, isipokuwa kile alichowekewa mwenyewe. Kwa hiyo swali la kujiuliza kuhusu kila sifa ni hili: ikae wapi ili nikiibadilisha mara moja ifike kote inakotakiwa, na isifike kusikotakiwa?

Normal niliiachia fonti na ukubwa tu, bila nafasi yoyote kabla wala baada ya aya. Watu wengi huweka nafasi zao kwenye Normal, na matokeo yake safu za majedwali huvimba, kwa sababu maandishi ya jedwali nayo hurithi humo. Aya za kawaida nilizipa Body Text, mtindo uliomo tayari ndani ya Word ingawa mara nyingi hauonekani kwenye orodha; ukibonyeza Ctrl+Shift+S na kuandika jina lake, unakuja. Mzazi wake ni Normal, na wenyewe unabeba nafasi kati ya mistari na pointi 6 baada ya aya. Kwa majedwali nilitengeneza mtindo mpya, Maandishi ya Jedwali, nao mtoto wa Normal, wenye pointi 10 na mistari iliyobanana.

Vichwa nilivitengenezea mzazi wao peke yao. Niliunda mtindo niliouita Kichwa Msingi, na kwenye Style based on nikachagua (no style), ili mabadiliko ya fonti ya maandishi yasiburute vichwa. Ndani yake niliweka fonti ya vichwa, rangi, nafasi, na Keep with next, ambayo huzuia kichwa kubaki peke yake chini ya ukurasa huku aya yake ikiwa ukurasa unaofuata. Kisha Heading 1, Heading 2 na Heading 3 nikazifanya watoto wake. Kwenye Style for following paragraph niliweka Body Text, ili ukibonyeza Enter baada ya kichwa uendelee na aya ya kawaida.

Kuna jambo hapa ambalo halionekani kwa haraka. Heading 1 inakuja na fonti na rangi yake yenyewe, na ukiibadilishia mzazi, vitu hivyo haviondoki. Ukienda kubadilisha rangi kwenye Kichwa Msingi, Heading 1 haitikisiki. Dawa yake ni kufungua Modify kwenye Heading 1 na kuiwekea fonti na rangi zilezile za Kichwa Msingi. Thamani ya mtoto ikilingana na ya mzazi, Word huacha kuiandika kwa mtoto, na kuanzia hapo anairithi. Uthibitisho uko chini ya dirisha hilohilo la Modify, kwenye maelezo mafupi ya mtindo: ukiona fonti bado imetajwa, mtindo bado umeishikilia, ikitoweka, urithi umekamilika. Mimi nilisoma maelezo hayo kwa kila kichwa hadi Heading 1 ikabakiwa na ukubwa wake na vitu vichache vya kwake tu. Dirisha hilo lina pia kisanduku cha Automatically update, nacho niliacha bila alama. Kikiwa na alama, mtu akikoleza aya moja kwa mkono, aya zote za mtindo huo hukolea pamoja nayo.

Kuvisha maandishi mitindo hiyo kulihitaji mpangilio maalumu. Vichwa vilitangulia, kwa sababu bado vilikuwa na alama ya kuvitambulisha. Kwenye Find and Replace niliacha sehemu ya maneno tupu, nikachagua kupitia Format herufi nzito za pointi 14, na upande wa Replace with nikachagua mtindo Heading 1. Vichwa vya sura vikageuka vyote kwa mara moja. Vichwa vidogo havikukubali njia hiyo. Vilikuwa herufi nzito za pointi 12, sawasawa na maneno yaliyokolezwa katikati ya aya, na Replace All ingegeuza aya nzima kuwa kichwa kwa ajili ya neno moja. Hivyo nilitumia Find Next, nikaangalia kimoja kimoja na kubonyeza Ctrl+Alt+2 palipostahili. Ni kazi ya kuchosha, lakini sijaona njia ya mkato ninayoiamini pale. Baadaye nilichagua vichwa vyote vya ngazi moja kupitia kidirisha cha Styles, kwa kubofya kulia jina la mtindo na kuchagua Select All, nikabonyeza Ctrl+Q na Ctrl+Space kuondoa uumbizaji wowote wa mkono uliobaki juu yake.

Yakafuata majedwali na orodha zenye vitone, kila moja na mtindo wake. Kilichobaki kwenye Normal sasa kilikuwa aya za kawaida tu, kwa hiyo niliichagua Normal yote kwa Select All nikaipa Body Text, kisha Ctrl+Q kuondoa nafasi na mipangilio ya aya iliyowekwa kwa mkono. Ctrl+Space sikuibonyeza hapa, maana ingefuta pia maneno yote yaliyoandikwa kwa mlazo. Haikuhitajika pia. Unapoipa aya mtindo, Word hupima uumbizaji wa herufi uliowekwa kwa mkono: ukifunika zaidi ya nusu ya aya, huuondoa, ukifunika chini ya nusu, huuacha. Ndiyo maana fonti iliyobandikwa juu ya aya nzima ilitoweka huku maneno machache ya mlazo yakibaki salama. Lakini kanuni hiyohiyo huacha sentensi moja iliyonakiliwa kutoka kwingine ikiwa na fonti yake ya kigeni.

Ili kuzinasa sentensi za namna hiyo, niliibadilisha rangi ya Body Text kuwa ya waridi na ya Maandishi ya Jedwali kuwa kijani, nikapunguza ukubwa wa mwonekano hadi kurasa nyingi zionekane pamoja kwenye skrini, nikapitia ripoti nzima. Chochote kilichobaki cheusi kilikuwa ama hakina mtindo sahihi, ama kimepakwa kitu kwa mkono. Pale nilipotaka kujua sababu, niliweka kishale nikabonyeza Shift+F1, na kidirisha cha Reveal Formatting kikanionyesha kipi kinatoka kwenye mtindo na kipi kimeongezwa juu yake. Rangi zenyewe nilizirudisha baadaye kwa kuzibadilisha ndani ya mitindo, mara moja kwa kila mtindo. Hata hivyo rangi haifichui kila kitu: kipande chenye fonti ngeni kisicho na rangi yake nacho hugeuka waridi. Kwa hivyo vilevile nilitafuta kila fonti ya kigeni kwa jina lake kupitia Find, na nikivipata vipande hivyo, Ctrl+Space ilivimaliza.

Aya tupu niliziondoa kwa kutafuta `^p^p` na kuweka `^p`, nikirudia hadi zikaisha. Mivunjo ya kurasa iliyowekwa kwa mkono niliitafuta kwa `^m` nikaifuta. Hapo nilihakikisha Use wildcards haina alama, kwani ikiwa nayo, `^m` hunasa pia mivunjo ya sehemu, na kurasa zangu za majedwali mapana zilizolazwa zingesimama zote.

Sasa mwonekano ungeweza kutoka nje ya faili. Nilihifadhi nakala ya ripoti kama kiolezo cha `.dotx`, nikafuta maandishi yote ndani yake, mitindo hubaki. Hicho kikawa kiolezo cha wahakiki: Normal ni Times New Roman pointi 12, Body Text ina nafasi mbili kati ya mistari. Kisha nilikihifadhi kwa jina lingine na kubadilisha mitindo minne tu: Normal ikawa Cambria pointi 11, Body Text ikawa na nafasi ya 1.15, Kichwa Msingi kikapata rangi ya buluu iliyoiva, na Heading 1 ikawekewa Page break before. Majina ya mitindo lazima yawe yaleyale katika violezo vyote viwili na katika ripoti, kwa kuwa Word hulinganisha kwa majina.

Kuibadilisha ripoti tangu hapo ni kufungua kichupo cha Developer, kubofya Document Template, kuchagua kiolezo kwa Attach, kuweka alama kwenye Automatically update document styles, na kubofya OK. Kichupo hicho kikiwa hakionekani, huwashwa kupitia File, Options, Customize Ribbon. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, kurasa zote zilijipanga upya mbele ya macho yangu, na kila sura ikaruka kwenye ukurasa wake. Baada ya kila mbadiliko narudi kuondoa ile alama, kwa sababu ikibaki, ripoti huvuta mitindo kutoka kwenye kiolezo kila inapofunguliwa. Halafu nachagua maandishi yote kwa Ctrl+A na kubonyeza F9, ili orodha ya yaliyomo ipate namba mpya za kurasa.

Njia hii haibebi kila kitu. Pambizo za ukurasa, ukubwa wa karatasi, na maandishi ya juu na ya chini ya kurasa haviji na kiolezo kilichounganishwa kwa namna hii; hivyo hubaki ndani ya ripoti. Wachapaji walipotaka pambizo nyembamba, nilizibadilisha kwenye Page Setup nikiwa nimechagua Whole document kwenye Apply to. Na waandishi wanaponiletea aya mpya, nazibandika kwa Keep Text Only kisha nazipa Body Text, kwa sababu Keep Source Formatting huingiza mitindo yao pamoja na maneno.