Akaunti ililingana, lakini nilikuwa nimekosea

Mwezi wangu wa kwanza kwenye hesabu za kiwanda nilipewa karatasi za idara ya kuyeyusha plastiki. Chembechembe zinaingia mwanzoni, mabomba yanatoka mwisho, na katikati kuna mikato na vipande vilivyoharibika ambavyo huuzwa kwa wanaosaga upya. Nilitakiwa kufunga akaunti ya mchakato ya kundi moja la uzalishaji. Takwimu nitakazotumia hapa nimezirahisisha, lakini kosa nililofanya ni lilelile.

Ziliingia kilo 1,000 za malighafi kwa 30 kila kilo, yaani 30,000. Ujira ulikuwa 9,000, na gharama za jumla za kiwanda zilizobebeshwa idara hiyo zilikuwa 6,800. Jumla 45,800. Fomu ya idara ilisema upotevu wa kawaida ni asilimia 10 ya malighafi, na mabaki huuzwa 8 kwa kilo. Mabomba yaliyopimwa yalikuwa kilo 930. Hati ya mauzo ya mabaki ilionyesha kilo 70 na fedha 560.

Nikaona kazi ni nyepesi. Kilo 930 za mabomba na kilo 70 za mabaki zinarudisha kilo 1,000. Nikatoa 560 kwenye 45,800, nikapata 45,240, nikagawa kwa 930, kila kilo ikatoka 48.65 hivi. Pande zote mbili zikalingana, kwa kilo na kwa fedha. Nikapiga mstari chini nikampelekea mzee aliyekuwa mkuu wa hesabu.

Alizitazama kama dakika moja tu. "Binti, hiyo asilimia 10 umeiweka wapi?"

Nikamjibu kwamba sikuihitaji, maana mabaki halisi nilikuwa nayo.

"Basi mwezi ambao mafundi watafanya kazi vizuri bomba litakuwa rahisi, mwezi watakaoboronga litakuwa ghali. Bomba lenyewe ni lilelile. Rudi ukaanze na kilo 900."

Nilirudi kwenye meza yangu nimenuna kidogo, kwa kuwa akaunti inayolingana ndiyo niliyofundishwa kuiamini. Ila ni kweli, kulingana kulithibitisha tu kwamba nilijumlisha vizuri. Nilichokigawa hakikuwa sahihi.

Kuanza na kilo 900 maana yake ni hii: ukiingiza kilo 1,000 unatarajia kupoteza 100, kwa hiyo gharama yote inabebwa na kilo 900 zinazotarajiwa. Mabaki unayotarajia kuuza ni hizo kilo 100, nayo yangeleta 800. Unapunguza 800 hiyo kwenye gharama, si 560 iliyoingia kweli. 45,800 toa 800 ni 45,000. Gawa kwa 900, kila kilo ni 50. Bei hiyo haijali mwezi huu mafundi wamefanya nini.

Sasa zile 930. Zimezidi matarajio kwa kilo 30, na hiyo ndiyo ziada isiyo ya kawaida. Hapa nilijikwaa tena: nilitaka kuithamini kwa 8, bei ya mabaki, nikiwaza kwamba ni mabaki yaliyookolewa. Lakini kilo 30 hizo ni mabomba kamili, yatauzwa pamoja na mengine, na hakuna mnunuzi atakayeyatofautisha. Zinathaminiwa 50 kama wenzake, yaani 1,500, na zinaingia upande wa debiti wa akaunti ya mchakato, chini ya gharama. Inashangaza mwanzoni kuona ziada imekaa upande wa gharama, lakini ukijumlisha kilo unaona kwa nini: upande wa krediti una kilo 100 za upotevu na 930 za mabomba, jumla 1,030, na zilizoingia ni 1,000 tu.

```
AKAUNTI YA MCHAKATO

Debiti               Kilo    Fedha
Malighafi           1,000   30,000
Ujira                        9,000
Gharama za jumla             6,800
Ziada isiyo
ya kawaida             30    1,500
                    1,030   47,300

Krediti              Kilo    Fedha
Upotevu wa kawaida    100      800
Mabomba (kwa 50)      930   46,500
                    1,030   47,300
```

Ikabaki swali lililonisumbua zaidi: nimeandika mabaki ya kilo 100 kwa 800, na kwenye hati ya mauzo kuna kilo 70 kwa 560. Zile kilo 30 zimeenda wapi?

Hazipo. Zimegeuka mabomba. Kila kilo ya ziada inakunyima kilo moja ya mabaki ambayo ungeuza. Kwa hiyo akaunti ya upotevu wa kawaida inapokea 800 upande wa debiti kutoka kwenye mchakato, kisha upande wa krediti inafungwa na fedha taslimu 560 pamoja na 240 inayohamishiwa akaunti ya ziada. Hiyo 240 ni kilo 30 mara 8, mauzo ya mabaki yaliyokosekana.

Akaunti ya ziada isiyo ya kawaida nayo ina 1,500 upande wa krediti kutoka kwenye mchakato, na 240 upande wa debiti. Kinachobaki ni 1,260, nacho ndicho kinachokwenda faida na hasara. Wengi hupeleka 1,500 nzima, na ukifanya hivyo akaunti ya upotevu inabaki na 240 inayoning'inia bila mwenyewe. Ukikuta salio la namna hiyo, ujue mahali pa kutazama.

Kabla ya kumrudia mzee nilijitafutia njia ya kujihakikishia. Kiwanda kilitumia 45,800 na kikapokea 560 za mabaki, kwa hiyo kilitokwa na 45,240 kwa ukweli, namba ileile ya kosa langu la kwanza. Mabomba yameingia ghalani kwa 46,500. Tofauti ni 1,260. Hapo ndipo nilipoelewa: sikuwa nimepoteza hata senti katika jaribio la kwanza, nilikuwa nimeificha ile faida ndani ya bei ya bomba.

Mzee alipitisha, lakini hakunirudishia karatasi. Alichukua hati ya mizani. "Umejumlisha mabomba na mabaki?" Nikasema ndiyo, 930 na 70. Kwenye idara yetu upotevu wote ni vipande vinavyoshikika, kwa hiyo vikijumlishwa na mabomba lazima virudi kwenye 1,000. Kama mabomba yangekuwa 930 na mabaki bado 100, hiyo isingekuwa ziada ya kuitia faida, bali mizani mbovu au gunia lililoingia bila kuandikwa. Kipimo hiki hakifai mahali ambapo sehemu ya malighafi hupotea kama mvuke, maana mvuke haupandi mizani.

Makundi matatu yaliyofuata yote yalitoa ziada, kati ya kilo 20 na 30. Nilikuwa nazipeleka faida na hasara kwa furaha mpaka mzee akauliza ni nini tena kisicho cha kawaida hapo. Fomu ilikuwa ya tangu mashine ya zamani. Ikabadilishwa kuwa asilimia 8, na kwa kujaribu nikapitisha kundi langu la kwanza kwenye kipimo kipya: 45,800 toa 640, gawa kwa 920, kila kilo 49.09, na ziada ikashuka kutoka kilo 30 hadi 10.