Sini au kosini? Pembetatu ya picha ya simu yenye majibu mawili

Picha ya daftari iliyotumwa kutoka Kirumba ilionyesha mwalo A, mtumbwi B na boya C. Pembe A ni 40°, AC ni mita 1,100 na BC mita 800. Swali: AB ni mita ngapi?

Kwanza niliandika vilivyojulikana. Pande mbili na pembe iliyo kati yake, au pande zote tatu, vingetaka kanuni ya kosini. Hapa pembe A haiko kati ya pande hizo, ila inatazamana na BC, kwa hiyo kanuni ya sini inafaa:

sin B = 1,100 × sin 40° ÷ 800 ≈ 0.884

Kikokotoo kinatoa 62.1° na kunyamaza. Lakini 180° − 62.1° = 117.9° ina sini ileile, na ukiijumlisha na 40° unapata 157.9°, bado chini ya 180°. Basi zote mbili zinakubalika. Dalili yake ni kwamba 800 ni ndogo kuliko 1,100 lakini inazidi 1,100 × sin 40°, yaani 707.

C ni 77.9° au 22.1°, hivyo AB ni mita 1,217 au 468. Nilihakiki kwa kosini, x ikiwa AB:

800² = x² + 1,100² − 2(1,100)x cos 40°

Mlinganyo huu unatoa majibu yote mawili kwa mpigo. Mimi huupenda zaidi.

Kwenye picha B ilionekana butu, ila simu iliyoinamishwa hupotosha pembe. Aliyetuma alithibitisha kwamba swali lenyewe limeandika "B ni pembe butu". Jibu: mita 468.